Saa ikukae: pima upana wa mkono kwanza, kipenyo baadaye

Ukiingia kwenye ukurasa wa muuzaji yeyote wa saa, awe wa Kariakoo au wa Nairobi, utakuta ameandika namba moja tu: 40mm, 42mm, 44mm. Hicho ni kipenyo cha kasha, na wanaume wengi hununua kwa kukiangalia hicho peke yake. Kisha saa inafika, wanaivaa, na wanashindwa kuelewa kwa nini ya jirani yenye 42 imemkaa vizuri ilhali yao yenye 38 inaning'inia pembeni mwa mkono.

Jibu karibu kila mara liko kwenye kipimo ambacho muuzaji hakukiandika: urefu wa kasha kutoka ncha ya masikio ya juu, yaani vile vipembe vinavyoshika mkanda upande wa saa kumi na mbili, hadi ncha ya masikio ya chini upande wa saa sita. Urefu huo ndio unaokatisha upana wa mkono wako. Seiko 5 ya michezo ya kundi la SRPD ina kipenyo cha milimita 42.5, lakini sikio hadi sikio ni 46 tu. Nomos Tangente ya 38, ambayo kwa kipenyo ni ndogo kwa zaidi ya milimita nne, ina urefu wa milimita 47 na ushei, kwa sababu masikio yake ni marefu na yamenyooka. Mwenye mkono mwembamba akichagua Tangente akidhani amechukua saa ndogo, amechukua ndefu.

Kwa hiyo tunaanza na mkono, si na saa.

Kupima mkono

Watu wengi huzungusha futi ya fundi cherehani na kupata mzunguko, tuseme sentimita 16.5. Namba hiyo inafaa kwa kukata mkanda. Kwa kuchagua kasha haitoshi, maana mikono miwili yenye mzunguko mmoja inaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Mkono bapa wa sentimita 16.5 unaweza kuwa na upana wa milimita 60 na kina cha 44. Mkono wa mviringo wenye mzunguko huohuo unaweza kuwa na upana wa 55 na kina cha 50. Hapo tayari pana tofauti ya milimita tano, na kwenye saa milimita tano ni nyingi.

Unahitaji rula yenye milimita, kalamu, na vitabu viwili vyenye jalada gumu. Tafuta kwanza mahali saa inapokaa. Ule mfupa uliotokeza upande wa kidole cha mwisho si mahali pake; saa hukaa nyuma yake kidogo, kuelekea kwenye kiwiko. Laza mkono mezani, kiganja kikiangalia chini, vidole vimelegea. Usikunje ngumi, kwa sababu ngumi hubadilisha umbo la sehemu hiyo. Simamisha kitabu kimoja kila upande wa mkono hadi viguse ngozi bila kuibana, kisha utoe mkono taratibu na upime nafasi iliyobaki katikati. Huo ndio upana kamili.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi, na wengi hawakijui. Simamisha rula kwa ubavu wake juu ya mkono, ikiukatisha kama saa itakavyoukatisha. Inama hadi macho yalingane na rula, na uangalie upenyo kati yake na ngozi. Katikati rula itakuwa imeegemea ngozi. Ukisogea pembeni utafika mahali mwanga unaanza kuonekana chini yake, pale mkono unapoanza kuteremka. Weka alama ya kalamu hapo, kisha upande wa pili vilevile. Umbali kati ya alama hizo mbili ni sehemu bapa. Kwa mkono wenye upana kamili wa milimita 55, sehemu bapa inaweza kuwa 46 au 48. Kwa mkono uliolala zaidi inaweza kukaribia upana wote.

Pima mchana wakati wa joto, si alfajiri. Mkono huvimba kwa joto na hunywea kwa baridi. Anayeishi Tanga au Mombasa anajua jinsi mkanda uliokaa vizuri asubuhi unavyobana ifikapo saa nane. Upana wa mfupa haubadiliki, lakini nyama iliyo pembeni yake hubadilika.

Urefu wa saa na masikio yake

Sasa kanuni yenyewe: urefu wa sikio hadi sikio usizidi sehemu bapa ya mkono wako. Ukilingana nayo saa itakaa, ila itaonekana imeujaza mkono wote. Ukibakiwa na milimita mbili kila upande, umefika pazuri. Masikio yakivuka alama zako za kalamu, mkanda hauwezi tena kushuka moja kwa moja kufuata ngozi; unatokeza hewani kwanza ndipo urudi chini, na katikati panabaki mwanya unaoweza kupitisha ncha ya penseli. Hiyo ndiyo saa inayoonekana ya kuazima.

Utaupataje urefu huo kama muuzaji hakuuandika? Kwa Casio ni rahisi, maana kampuni huandika vipimo vitatu kwa mpangilio wa urefu, upana, unene. F-91W, ile ya plastiki inayojulikana kila kona, ni 38.2 × 35.2 × 8.5. Namba ya kwanza ndiyo unayoitafuta. Seiko nao huandika urefu huo kwenye kurasa zao za saa nyingi za sasa. Kwa nyingine, mwombe muuzaji aweke rula kando ya kasha apige picha. Akikataa, tumia picha aliyoiweka mwenyewe.

Tafuta picha iliyopigwa saa ikiangalia kamera moja kwa moja. Ikuze kwenye simu au kompyuta, pima kipenyo kwenye kioo cha skrini kwa rula, kisha pima kutoka ncha ya sikio hadi ncha ya sikio. Tuseme kwenye skrini kipenyo kimetoka milimita 85 na urefu 96, na muuzaji ameandika kuwa kipenyo halisi ni 42. Unazidisha 42 kwa 96 na kugawanya kwa 85, unapata takriban 47.4. Kabla ya kuamini jibu, pima uduara wa kasha kwa mlalo na kwa wima pale pale kwenye picha. Visipolingana, picha imepigwa kwa mshazari na hesabu yako haina maana. Hakikisha pia kama 42 hiyo imehesabu ile nobu ya kurekebishia majira au haikuihesabu. Wauzaji wa saa za bei nafuu wana tabia ya kuijumlisha ili saa ionekane kubwa, na nobu peke yake inaweza kuongeza milimita mbili au tatu.

Urefu haujamaliza habari, kwa kuwa masikio yana umbo. Ukipata nafasi ya kuishika saa, iweke mezani bila kuunyanyua mkanda na uiangalie kwa ubavu. Kama ncha za masikio zinagusa meza au karibu kuigusa, zimepinda kwenda chini na zitaukumbatia mkono. Kama kifuniko cha nyuma ndicho kilichogusa meza na masikio yanaelea juu, saa itasimama juu ya mkono kama meza ya mguu mmoja. Saa ya namna hiyo ipunguzie milimita mbili katika kanuni yako. Yaani kama sehemu bapa ni 48, usikubali zaidi ya 46.

Kuna kundi moja linalowadanganya hata wenye uzoefu: saa ambazo cheni yake imeungana na kasha kama kitu kimoja. Tissot PRX ya 40 ni mfano unaouzwa sana. Ukipima kasha peke yake unapata karibu milimita 44, ukafurahi. Lakini kipande cha kwanza cha cheni hakikunjiki kushuka chini mara moja. Kinaendelea mbele kwanza, na urefu unaokatisha mkono unafika takriban 51. Kwa saa kama hizo, pima hadi pale cheni inapoanza kweli kukunjika. Mkanda mgumu wa plastiki wa G-Shock una tabia inayofanana nayo kwa mwenye mkono mwembamba: umeumbwa ukitanuka nje kabla ya kurudi chini, na huchukua muda wa kuvaliwa kabla haujalainika.

Kipenyo

Urefu ukishakubalika, kipenyo kinabaki kuwa suala la macho. Kipimo ninachokitumia ni upana kamili wa mkono: kipenyo kikiwa theluthi mbili ya upana huo, saa inaonekana ya kawaida, kikifika robo tatu, inaonekana kubwa lakini bado ya kwako. Kwa upana wa 55 hiyo ni kati ya 37 na 41. Kwa upana wa 60 ni kati ya 40 na 45. Watakaobisha wapo, na mitindo hupanda na kushuka, lakini ukianzia hapo hutaaibika.

Namba hizo zinahitaji kusomwa pamoja na uso wa saa. Saa ya kuzamia baharini ina ile pete nene inayozunguka kioo, kwa hiyo uso wenyewe ni mdogo na jicho huhesabu uso. Saa ya rasmi haina pete. Uso mweupe unafika hadi ukingoni. Ndiyo maana saa ya kuzamia ya 42 na saa ya rasmi ya 39 zinaweza kuonekana sawa zikiwa mkononi. Ukivutiwa na saa yenye uso mpana wa rangi nyepesi, shuka milimita mbili kutoka kwenye makadirio yako.

Na usijihukumu kwa picha ya simu iliyopigwa karibu na mkono. Kamera ya simu ikiwa karibu hukuza kilicho mbele, na kilicho mbele ni saa. Simama mbele ya kioo kirefu, mikono ikining'inia, uangalie kutoka hatua mbili. Watu wengine wanakuona hivyo.

Unene

Unene ndio unaoamua kama utaivaa saa kila siku au itabaki kabatini. Hadi milimita 9 hivi, saa hupita chini ya kishikizo cha shati, yaani ule ukingo wa mkono wa shati wenye kifungo, bila wewe kuhisi. Kati ya 10 na 12 inapita kama kishikizo hakijabana. Kuanzia 13, mkono wa shati unakwama juu ya kasha, na ukivaa shati hilo kila siku, ukingo wa kishikizo utaanza kuchakaa pale unaposugua.

Unene hautokani na mapenzi ya mbunifu tu. Mashine ya kujivuta yenyewe kwa mtikisiko wa mkono ni nene kuliko ya betri: ile 4R36 iliyo ndani ya Seiko za SRPD ina milimita 5.32 peke yake, kabla hujaweka uso, mishale, kioo na kifuniko. Miyota 2035 ya betri, inayopatikana kwenye saa nyingi za bei ya chini, ni 3.15. Ongeza kioo kinene na kifuniko cha kuhimili shinikizo la maji, na hapo unaelewa kwa nini saa za kuzamia hazishuki kwa urahisi. Ukihitaji nyembamba kwa bei ya kawaida, tafuta ya betri.

Angalia pia unene umekaa wapi. Milimita 12 ambazo mbili zake ni kuba la kioo na mbili ni kifuniko kinachozama kwenye nyama ya mkono si sawa na milimita 12 za ukuta ulionyooka kama kopo. Ya kwanza inaonekana nyembamba kwa ubavu, ya pili haisameheki. Na kama unapenda mikanda ya kitambaa inayopita chini ya kasha, kumbuka kitambaa hicho kinainyanyua saa. Mingine hupitisha tabaka mbili chini ya kasha, na kwa pamoja zinaweza kuongeza zaidi ya milimita mbili.

Kupima unene dukani bila kifaa, tumia kadi za benki. Kadi bapa, isiyo na namba zilizovimba, ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne ni karibu 3. Zipange kando ya kasha na ukadirie. Upande mfupi wa kadi hiyo ni milimita 54, hivyo unao mfukoni kipimo cha urefu pia: saa inayokaribia upana wa kadi si ya mkono mwembamba.

Kata kadibodi

Kabla ya kutuma pesa, chukua boksi la dawa ya meno au la viatu. Kata umbo la saa unayoitaka: duara lenye kipenyo chake, na masikio yanayofikia urefu wake kamili. Gundisha tabaka hadi ufikie unene ulioandikwa. Lifunge mkononi kwa rababendi, vaa shati unalovaa kazini, uende kioo kirefu. Itaonekana kichekesho, lakini kadibodi hiyo itakuambia kuhusu kishikizo cha shati mambo ambayo picha za muuzaji hazitasema.

Mkono mmoja, saa nne

Chukua mfano wa shemeji yangu, mhasibu, anayevaa shati la mikono mirefu siku tano kwa wiki. Mzunguko wake ni sentimita 16.5, upana kamili 55, sehemu bapa 47. Alikuwa na saa nne kwenye orodha, na alizipanga kwa kipenyo, kutoka ile aliyoipenda zaidi.

Ya kwanza ilikuwa Casio Duro, MDV-106, yenye vipimo 48.5 × 44.2 × 12.1. Urefu unazidi sehemu bapa kwa milimita moja na nusu, na kipenyo kinapita robo tatu ya upana wa mkono. Pete nene ingeupunguza ukubwa huo machoni, lakini pete haifupishi masikio. Tukaiacha.

SRPD ya 42.5 ilishangaza, kwa sababu urefu wa 46 unaingia ndani ya 47. Hapa kipenyo kimezidi kidogo, ila pete inasaidia. Kilichoiangusha ni unene wa 13.4. Tulitengeneza kadibodi yake, na kishikizo cha shati kilikaa juu ya duara kama kofia iliyogoma kushuka. Angekuwa mtu wa fulana na kaptula, ningemwambia achukue hiyo bila kusita.

PRX ya 40 aliitaka kwa sababu ya wembamba wake na mng'ao wa cheni. Kasha linatosha, cheni haitoshi: ile 51 inatokeza milimita mbili kila upande wa sehemu bapa. Alibisha, nikampeleka dukani akaijaribu. Akainua mkono usawa wa macho, akaona mwanga ukipita kati ya cheni na ngozi pande zote mbili.

Ya mwisho ilikuwa Seiko 5 ya zamani, SNK809, ambayo sasa hupatikana zaidi mkono wa pili. Kipenyo 37, urefu 43, unene 11. Aliidharau kwa sababu ya ile 37, akisema ni ya mtoto wa shule. Kwa hesabu, inabakiza milimita mbili kila upande wa sehemu bapa, na 37 ni theluthi mbili ya 55. Aliinunua, kishikizo kinapita juu yake kikiacha nafasi ya kidole, na hajaibadilisha.

Ikishafika

Usibandue plastiki ya kinga wala kupunguza vipande vya cheni siku ya kwanza, maana vikishatolewa wauzaji wengi hawarudishi pesa. Ivae ndani ya nyumba saa kadhaa. Ukiivua, angalia ngozi. Alama moja ya duara katikati ni ya kifuniko, na ni ya kawaida. Alama mbili ndogo pembezoni mwa mkono, upande wa saa kumi na mbili na wa saa sita, ni masikio yanayochoma, nayo haitapona kwa kuzoea. Saa ikizunguka hadi pembeni mwa mkono kila unaposhusha mkono, kwanza kaza mkanda tundu moja. Ikiendelea, uzito na kimo chake vimeuzidi mkono, na kukaza zaidi kutakuachia mchubuko tu. Alama ya nobu nyuma ya kiganja unapokunja mkono ina dawa rahisi: sogeza saa nyuma ya ule mfupa. Kama haitaki kukaa huko, irudishe dukani ikiwa bado na plastiki yake.